Akirudi na "Umepotea Sana!"

Ujumbe wa namna hii mara nyingi huingia usiku, na huingia mwepesi: "Mambo shoga yangu! Jamani umepotea hivyo, hata salamu? Watoto hawajambo?" Aliyeuandika ndiye aliyeacha kupokea simu zako. Ndiye ambaye kwake tiki zilikuwa zinageuka bluu na jibu halirudi. Leo ghafla aliyepotea ni wewe, na maelezo unadaiwa wewe.

Tuuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Wanawake wawili walikaa chumba kimoja hosteli za Mabibo walipokuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walipomaliza, mmoja alibaki mjini, mwingine akapata kazi Dodoma. Huyu wa Dar alipoolewa, mwenzake ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Walikuwa wanapigiana simu karibu kila wiki, kisha simu zikapungua, kisha zikakatika bila ugomvi wowote. Mwezi wa nne mwaka jana baba wa huyu wa Dar alifariki, akazikwa Morogoro. Taarifa ya msiba hakuishia kuiweka kwenye grupu la waliosoma pamoja. Alimwandikia rafiki yake yeye mwenyewe. Ikasomwa. Haikuja pole, haikuja simu, hakuja mtu. Mwaka na miezi miwili baadaye ndipo inaingia hiyo "umepotea hivyo", na saa moja baadaye inafuata nyingine: "Halafu nina jambo nataka tuongee."

Nimechagua msiba kwa makusudi, kwa sababu kwetu msibani ndiko urafiki unakohesabiwa. Aliyekosa harusi yako utamtania miaka miwili yaishe. Aliyekosa msiba wa mzazi wako unamkumbuka kwa jina, na mama yako anamkumbuka pia.

Kabla ya hasira, lipo jambo la usalama. Kama ujumbe umetoka namba mpya, au umetoka namba ileile lakini ndani ya muda mfupi umegeuka kuwa ombi la pesa, usiandike chochote cha moyoni mpaka umesikia sauti yake. Akaunti za WhatsApp huibiwa: tapeli humlaghai mwenye namba amtajie ile kodi ya tarakimu sita inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na akishaipata anaanza kuwaandikia watu kwa jina na picha ya mwenyewe. Rafiki aliyenyamaza muda mrefu humfaa sana tapeli, maana hukumbuki tena huyo rafiki huandikaje. Piga simu ya kawaida. Isipopokelewa, muulize kitu cha Mabibo ambacho mnakijua nyinyi wawili tu. Akikuomba umtajie kodi eti imekuja kwako kwa bahati mbaya, hayo si mazungumzo tena, yafunge.

Tuseme ni yeye. Kwa nini anakuja kana kwamba mliagana jana? Tafsiri inayokimbilia kichwani ni dharau: ananiona mjinga. Wapo wa hivyo. Lakini sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi ni aibu, na aibu ina mwenendo wake. Aliuona ujumbe wa msiba siku ambayo hakuwa na nauli ya kutoka Dodoma wala cha kushika mkononi, akajisemea nitampigia kesho. Kesho ikapita. Baada ya wiki, simu hiyo ilikuwa inahitaji maelezo. Baada ya mwezi ilihitaji maelezo na kuomba radhi. Baada ya nusu mwaka hakuyaona tena maneno ya kutosha. Aibu huzaa riba kama mkopo wa mtaani, na mwenye deni akishaona hawezi kulilipa hata nusu, huanza kupita njia nyingine. Siku akikumiss kweli, njia pekee anayoiona wazi ni kujifanya deni halipo.

Hata pasipo kosa lolote watu huona uzito kumtafuta rafiki wa zamani. Mwaka 2024 watafiti wawili wa saikolojia, Lara Aknin na Gillian Sandstrom, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu waliokuwa na rafiki waliyepotezana naye. Watu hao walitaka kumtafuta, walikuwa na mawasiliano yake, waliamini angefurahi, na wakapewa muda wa kuandika palepale. Waliotuma ujumbe hawakufika hata theluthi moja. Na hao hawakuwa na msiba waliouruka.

Hili halimfutii kosa. Linakupa tahadhari moja tu, kwamba usijibu kana kwamba sababu unaijua. Unachokijua ni yale yaliyotokea kwako: ulituma, ilisomwa, hakuja. Jibu lako lisimame hapo.

Sasa majibu yanayotujia vidoleni kwanza. La kwanza, na ndilo baya kuliko yote ingawa linaonekana la kiungwana, ni kujifanya na wewe: "Poa shoga, majukumu tu, za huko?" Linamaliza usiku ule vizuri. Tatizo ni kwamba umetia saini kuwa hakukuwa na kitu. Wiki tatu baadaye atachelewa kukurudishia chombo au atasahau siku ya kuzaliwa ya mtoto, na wewe utalipuka kwa hasira ya msiba juu ya bakuli. Yeye atashangaa kikweli, na wote watakaosikia habari hiyo watasema mkorofi ni wewe.

Kinyume chake ni ule ujumbe mrefu, aya saba, wenye tarehe na skrinshoti. Naelewa raha ya kuuandika. Uandike, kwenye daftari. Ukiutuma, unampa mashtaka kumi na mawili achague atakalolijibu, naye atachagua lililo dhaifu kuliko yote. "Mimi sikukujibu siku ya Krismasi? Hebu angalia vizuri." Kuanzia hapo mnabishana kuhusu Krismasi, na baba yako hatajwi tena.

Halafu kuna wale wa "Samahani, nani mwenzangu?", huku jina limeandikwa juu ya kioo na ua pembeni. Inachekesha ukiwasimulia wenzako, lakini inakuingiza kwenye uongo ambao itabidi uuendeleze ujumbe baada ya ujumbe. Na kuna wanaomjibu kwenye stetasi, kwa vijembe. Kijembe cha stetasi kina kasoro ya kiufundi: mlengwa anaweza asikione, lakini shangazi yako, bosi wako na mama mkwe watakiona, na kila mmoja atadhani anasemwa yeye.

Kunyamaza nako kuna namna mbili. Kama umeshaamua kwamba hutaki tena urafiki huo, kwa mfano alikutukana, alikuibia, au alisambaza siri zako, hulazimiki kuandika neno. Lakini kunyamaza ili na yeye aionje hakufanyi kazi. Yeye hajui kama ni adhabu. Atadhani upo bize, kisha atapata nafuu kwamba hukumuuliza. Kwa Waislamu kuna la ziada hapa. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakataza mtu kumsusa nduguye zaidi ya siku tatu, na inamtaja anayetangulia kwa salamu kuwa ndiye bora kati ya wawili hao. Akikusalimu, basi, itikia. Kuitikia salamu hakukulazimishi kumrudishia siri zako.

Jibu ninaloshauri lina mambo mawili tu: salamu inayojibiwa kama salamu, na tukio moja linalotajwa kama lilivyokuwa. Kwa mfano wetu, lingekuwa hivi:

"Salama shoga. Watoto wazima, mkubwa kaanza darasa la kwanza. Mimi sikupotea, namba ni ileile. Baba alifariki mwezi wa nne mwaka jana, nilikuandikia siku ileile. Nilikutegemea, sikukuona. Iliniuma."

Angalia jinsi lilivyojengwa. Swali la watoto limejibiwa kwa ukweli na bila kununa, kwa hiyo hawezi kusema ulimpokea kwa shari. Hilo la kupotea limerudishwa lilikotoka kwa maneno matano, na hakuna zaidi ya hapo. Kisha limetajwa jambo moja, lile zito kuliko yote, na yale mengine yote yameachwa, hata kama ni ya kweli. "Nilikuandikia siku ileile" ni habari, naye anaweza kupandisha mazungumzo juu akaiona. Lakini ungeandika "ukanipuuza", ungekuwa umeingia moyoni mwake na kumsomea nia, na hapo ndipo angepata pa kubishia. Sentensi ya mwisho ni yako mwenyewe, hakuna anayeweza kukubishia kwamba haikuuma.

Angalia pia kisichokuwamo. Hakuna "kwa nini". Mtu akiulizwa kwa nini hutafuta utetezi, hata aliyekuwa anataka kuomba radhi. Hakuna "siku zote wewe" wala "hujawahi". Na hakuna kikatuni cha kucheka mwishoni. Hiki kidude kidogo kinaharibu kazi yote. Wengi wetu tukiandika jambo zito tunalifunika na kicheko ili tusionekane tumekasirika, na aliyelisoma anashukuru, anakijibu kicheko.

Liandike, usilitume kwa sauti. Kwenye ujumbe wa sauti utaanza vizuri, katikati utalia au utafoka, na huwezi kurudi kuifuta sentensi moja ukaacha nyingine. Na huko unakokwenda hujui atausikilizia wapi, kwenye daladala au mbele ya mumewe. Simu je? Simu ni ya baadaye, akishajibu. Ukianza kwa simu, mtasalimiana kwa furaha ya kuisikia sauti, mtacheka, na mpaka mkate simu lile neno litakuwa limebaki kooni.

Muda nao huongea. Usijibu usiku uleule. Usome kwenye kioo cha juu bila kuufungua kama unaweza, ulale. Asubuhi au jioni ya kesho yake inatosha. Ukifikisha wiki, ucheleweshaji wenyewe unakuwa jibu, na utalazimika kuueleza. Kabla ya kutuma, pandisha mazungumzo yenu mpaka mwaka juzi, usome polepole. Si kwa ajili ya kukusanya ushahidi. Ni kuhakikisha kwamba hakuna ujumbe wake uliobaki bila jibu lako: "shoga, una nafasi tuongee?" wa saa tano usiku, ambao ulisema utaujibu kesho. Ukiukuta, ujumbe wako unabadilika. Jambo la msiba linabaki, lakini linaongezewa: "Nimeona pia uliniandikia mwezi wa pili nikakaa kimya."

Ukishatuma, nyamaza. Usiongeze "au nimekosea?" wala "usijali lakini". Yatakayofuata ndiyo yatakayokuonyesha ulichonacho, zaidi ya sababu yoyote atakayoitaja.

Huenda asijibu kabisa. Tiki zitakuwa bluu, na kimya kitarudi. Inauma mara ya pili, lakini angalau sasa huna la kubahatisha. Usimfuate na ujumbe wa kulainisha.

Huenda akaja juu: "Kumbe una kinyongo hivyo! Na wewe ulinitafuta lini?" Usijibizane. Sehemu ya pili inaweza kuwa na haki ndani yake, na kama uliyasoma mazungumzo kama nilivyosema, unajua tayari. Jibu lile lenye haki, liache lile la kinyongo. Mara nyingi anayekuja juu siku ya kwanza hurudi siku ya tatu akiwa ametulia.

Lililo gumu kulisoma ni hili: "Jamani pole shoga, wallahi sikujua." Wewe unaziona tiki za bluu. Vidole vinawasha kupiga skrinshoti. Subiri. Tiki ya bluu inasema mazungumzo yalifunguliwa kwenye simu yake, haisemi nani aliyafungua wala kama aliyasoma mpaka mwisho. Na hata kama ni uongo, kumnasa kwenye uongo kutakupa ushindi wa dakika moja na kumwondolea nafasi ya kufanya lililo sahihi. Mwandikie: "Sasa umejua." Kisha tazama anachofanya na habari hiyo.

Hapa mila zetu zimeshatengeneza kipimo, na sijui kipimo kizuri kuliko hicho. Aliyechelewa kupata habari ya msiba huenda kuhani. Haijalishi umepita mwezi au mwaka. Anakuja, anaketi na wafiwa, anauliza marehemu aliugua nini na amelala wapi, anatoa mkono wa pole, anaondoka. Hakuna anayemuuliza ulikuwa wapi siku zote, ilimradi amekuja. Rafiki yako hahitaji kuvumbua njia ya kutengeneza alichoharibu. Njia ipo, anaijua tangu utotoni, na inafanya kazi hata kwa mtu asiyejua kuongea mambo ya moyo.

Kwa hiyo kipimo si kama amesema samahani mara ngapi. Ni kama ameuliza kuhusu baba. Je, ameuliza aliugua nini? Ameuliza mama yupo na nani sasa? Ameomba namba ya mama, au amesema nikishuka Dar tutapita Morogoro kumuona? Aliyepo Dodoma bila nauli anaweza kumpigia mama simu ya dakika kumi, na mama atakuambia jioni ileile, "Rafiki yako yule wa chuo kanipigia." Kumbuka kwamba deni lile halikuwa lako peke yako. Mama alimpikia huyo binti kila alipokuja likizo. Akimtumia mama rambirambi kwa simu bila kuongea naye, ni kitu, lakini ni kidogo. Akikutumia wewe pesa bila neno, mshukuru, na ujue bado hajafika.

Usimfundishe. Ukimwambia "unatakiwa ukahani", atakwenda, na hutajua kamwe kama angekwenda mwenyewe. Mpe wiki mbili tatu.

Na huenda akakueleza kweli: kazi iliisha, ndoa ilimshinda, mume alimkataza marafiki wa zamani, alikuwa mgonjwa na hakutaka aonekane. Maelezo ya kweli huwa yanamgharimu anayeyatoa. Anakuambia kitu ambacho angependa usikijue. "Nilibanwa na majukumu" hakumgharimu mtu chochote. Akikueleza la kweli, lisikilize mpaka mwisho, usilipime na la kwako nani aliumia zaidi. Unaweza kumuelewa kabisa na bado ukachelewa kumrudisha pale alipokuwa. Mrudishe kwenye simu na salamu kwanza. Mambo ya ndoa yako na akiba yako yasubiri.

Sasa lile "jambo". Tuseme, kama inavyokuwa mara nyingi, ni kadi: mdogo wake anaolewa, kamati imeundwa, na wewe umeandikwa. Watu husema basi ndiyo sababu ya salamu, wakafunga kitabu. Inawezekana, lakini kamati ya harusi vilevile humlazimisha mtu kupitia majina yote kwenye simu yake, na jina lako likatokea, na ile kadi ikampa kisingizio alichokikosa mwaka mzima. Huwezi kujua kwa kuitazama kadi. Ndiyo maana usiyachanganye. Ujumbe wa msiba uende peke yake, wa kadi ujibiwe siku nyingine, mfupi: "Kadi nimeipata, hongereni. Nitachangia, ila kamati sitaweza." Toa kiasi ambacho ungemtolea mtu wa kazini mnayesalimiana naye. Ukitoa kikubwa ili umuaibishe, au ukikataa ili umuadhibu, umeutumia mchango kusema jambo ambalo ulishalisema kwa maneno.

Kama "jambo" ni mkopo, jibu ni hapana, bila hadithi: "Mkopo sitaweza." Na kama alipotea akiwa na pesa yako, litaje deni waziwazi, kwa kiasi chake, katika ujumbe wake peke yake, maana hilo ndilo lililomkimbiza na ndilo litakalomkimbiza tena: "Ile laki mbili naikumbuka. Unaweza kulipa elfu hamsini hamsini kuanzia mwezi ujao?" Kama moyoni umeshamsamehe, mwambie hivyo pia, kwa maneno, asibaki anakukwepa sokoni kwa pesa ambayo wewe uliacha kuihesabu zamani. Usikae katikati, humdai na hujamsamehe. Mchango wa harusi nao utume siku uliyoahidi, kwa mweka hazina wa kamati kama walivyofanya wengine, bila ujumbe wa ziada.